Wijeti tupu, wijeti ya jana: simu ikizimwa au programu ikisasishwa

Umeme umekatika usiku, chaji imeisha, simu imezima. Asubuhi inawashwa. Saa kwenye skrini ya kwanza iko sawa, lakini wijeti ya nyakati za swala ni kisanduku chenye vistari vitupu. Au namba zote zipo, ila tarehe iliyoandikwa juu yake ni ya juzi.

Hali hizi mbili wengi huziita kwa jina moja, "wijeti imegoma", na huzipa dawa moja: iondoe, iweke tena. Inafanya kazi siku hiyohiyo, kisha simu ikizimwa tena tatizo linarudi. Ni magonjwa mawili yenye asili tofauti, na kuitoa wijeti mapema kunafuta dalili ambazo zingekuonyesha ni lipi unalo. Kwa hiyo usiiguse kwanza. Maelezo haya ni ya simu za Android, na mfano tutakaoufuata ni hiyo wijeti ya swala, kwa sababu inafichua karibu kila kitu kinachoweza kuharibika.

## Nani anaichora wijeti

Wijeti haichorwi na programu yenyewe. Inayoonyesha mchoro pale ni programu ya skrini ya kwanza, ile inayoitwa lancha. Programu ya swala huamka kwa sekunde chache, huandaa maelekezo ya nini kionekane wapi, huyakabidhi kwa mfumo wa simu, halafu hulala. Mfumo huyashika, lancha huyaonyesha.

Maelekezo hayo hukaa kwenye RAM. Simu ikizimwa yanapotea yote. Ikiwaka, lancha inakumbuka tu kwamba nafasi hii ni ya wijeti fulani, basi inaweka umbo la mwanzo lililokuja na programu, ambalo huwa ni kisanduku tupu, vistari, au neno `Loading`, na kusubiri. Programu ikisasishwa mambo ni hayohayo hata kama simu haikuzimwa: mfumo hutupa mchoro wa zamani kwa makusudi, kwa kuwa picha na maandishi ndani ya toleo jipya huenda yamebadilishiwa namba, na mchoro wa zamani ungeelekeza pasipo.

Hapo ndipo magonjwa mawili yanapoachana. Wijeti ikiwa tupu, programu haijapata nafasi ya kuamka na kukabidhi mchoro mpya, au imekabidhi na haukupokelewa. Wijeti ikiwa na habari za zamani baada ya simu kuwashwa, programu iliamka na ikachora, ila ilichora kile ilichokuwa nacho kwenye hifadhi yake, na tangu hapo hakuna kilichoiamsha tena.

## Kabla ya kugusa kitu

Ingiza PIN yako na usubiri dakika tano. Tangu Android 7, simu iliyotoka kuwashwa hufunga data za programu nyingi mpaka kufuli lifunguliwe mara ya kwanza. Simu iliyojiwasha upya yenyewe saa nane usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa programu ya swala ndiyo kwanza imewaka. Na kwenye simu ya RAM ya GB 2 au 3, programu zote zinagombea kuamka dakika hizohizo. Katika muda huo usibonyeze kile kitufe cha kufuta programu zote za karibuni. Kwenye baadhi ya simu kinaua hata ile iliyokuwa njiani kuchora.

Dakika tano zikipita bila mabadiliko, soma wijeti vizuri, au ipige picha ya skrini. Kisha fungua programu yenyewe, hakikisha ndani yake inaonyesha tarehe na nyakati za leo, rudi skrini ya kwanza na hesabu hadi kumi. Kitakachotokea kinakupeleka kwenye mojawapo ya njia tatu zinazofuata.

## Ilikuwa tupu, ikajaa ulipofungua programu

Programu ni nzima. Imezuiwa kuamka yenyewe simu inapowashwa. Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na kinachowachanganya watu ni kwamba kuna makufuli mawili, si moja. Wengi hufungua moja na kushangaa mbona hali ni ileile.

Kufuli la kwanza ni la betri. Liko kwenye `Settings`, kisha `Apps`, chagua programu, ingia `Battery` au `App battery usage`, na uweke `Unrestricted`. Hili linahusu programu itakavyotendewa simu ikiwa imeshawaka.

Kufuli la pili ni la kujiwasha, nalo limeongezwa na watengenezaji wa simu juu ya Android ya kawaida. Likifungwa, mfumo unapotangaza kuwa simu imewaka, programu yako haisikii tangazo. Kwenye Tecno na Infinix litafute ndani ya `Phone Master`, sehemu ya `Auto-start management`. Kwenye Redmi na simu nyingine za Xiaomi linaitwa `Autostart`, na lipo kwenye orodha ya ruhusa za programu. Samsung ina utaratibu wake: `Settings`, `Battery`, kisha `Background usage limits`. Angalia kama programu imeingizwa kwenye `Deep sleeping apps`. Iliyoko humo haifanyi kazi mpaka uifungue kwa mkono. Itoe, na uiweke kwenye orodha ya zile zisizolazwa kamwe, inayoanza na neno `Never`.

Majina haya huhamahama kati ya toleo moja la simu na jingine. Usipoyaona, andika `auto` au `sleep` kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya `Settings`.

Kuna sababu mbili zaidi zenye dalili zake. Kama mtu alibonyeza `Force stop` kwenye programu, mfumo huiwekea alama ya "imesimamishwa", na alama hiyo haifutiki kwa kuzima na kuwasha. Programu yenye alama hiyo haipokei tangazo lolote mpaka ifunguliwe kwa mkono. Kwenye Android 15 utaitambua kwa macho, maana wijeti zake zote hugeuka kijivu na hazibonyezeki. Mara nyingi aliyebonyeza si mtu, ni programu ya "kusafisha simu" au "kuongeza kasi" iliyopakuliwa kwa nia njema. Kama ipo, iondoe kabla ya kuendelea, vinginevyo utarekebisha leo na kesho itavuruga.

Sababu nyingine ni kadi ya memori. Programu iliyohamishiwa kwenye kadi haipatikani mpaka kadi isomwe, na simu inapowaka kadi huchelewa. Hapa wijeti huwa haibaki tupu tu; mara nyingine inatoweka kabisa na kuacha nafasi. Ingia `Settings`, `Apps`, programu, `Storage`. Ukiona kitufe cha `Change`, irudishe kwenye hifadhi ya ndani. Kama kitufe hakipo, programu haikuwahi kuhamishika, hivyo achana na wazo hilo.

## Ilikuwa tupu, na bado tupu

Umefungua programu, ndani kila kitu ni cha leo, lakini wijeti haisogei. Hii hutokea zaidi baada ya kusasisha kuliko baada ya kuwasha simu, na hapo usihangaike na betri.

Lancha huijua wijeti kwa jina la kipande fulani cha programu, lile aliloliandika mtengenezaji kwenye msimbo. Akibadilisha jina hilo kwenye toleo jipya, wijeti ya zamani inabaki ikielekeza mahali pasipokuwepo tena. Hali kama hiyo huwapata pia waliohamisha vitu vyao kutoka simu ya zamani kwenda mpya: nafasi ya wijeti imehamishwa, uhusiano haukuhamishwa.

Kipimo chake ni rahisi. Bila kuiondoa ya zamani, gusa na ushikilie sehemu wazi ya skrini, chagua `Widgets`, na uweke nakala ya pili ya wijeti ileile kando. Mpya ikijaa na ya zamani ikabaki tupu, uhusiano wa ile ya zamani umekufa. Iondoe, umemaliza, hapa ndipo ile dawa ya "iondoe, iweke tena" inapostahili. Zote mbili zikibaki tupu, kosa limo ndani ya toleo jipya la programu na hakuna mpangilio wa simu utakaolitibu. Subiri sasisho linalofuata.

Ujumbe `Problem loading widget` au `Can't show content` una maana nyingine kidogo: mchoro umefika, lancha imeshindwa kuujenga. Zima na uwashe simu mara moja. Ukirudi, fanya kipimo cha nakala mbili.

Tahadhari moja. Ushauri wa kufuta data za lancha huzunguka sana. `Clear cache` haina madhara, lakini `Clear storage` ya lancha inafuta mpangilio wote wa skrini ya kwanza: folda, njia za mkato, wijeti zote. Sababu ya kufika huko ni nadra mno.

## Imejaa, lakini ni ya jana

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu tatizo lenyewe hujificha. Wijeti ya hali ya hewa iliyobaki na ya jana huonekana haraka, mvua inanyesha na yenyewe imechora jua. Ya swala haionekani. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na wakati wa jua kuzama hubadilika kwa chini ya dakika moja kati ya siku moja na inayofuata. Wijeti iliyokwama siku tatu bado inaonyesha Magharibi ileile kwa jicho la kawaida. Kwa hiyo usihakiki nyakati. Angalia tarehe, na angalia ni swala gani imewekewa alama kuwa ndiyo inayofuata. Saa tano asubuhi alama ikiwa bado juu ya Alfajiri, wijeti imelala.

Tuchukue simu yenye Android 14. Imezimwa Jumapili usiku, ikawashwa Jumatatu asubuhi. Jumatatu saa mbili asubuhi wijeti ina tarehe ya Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi bado imeandikwa Jumatatu. Mmiliki anafungua programu, wijeti inageuka Jumanne papo hapo. Jumatano, Jumanne imebaki.

Soma dalili hizo kwa mpangilio. Wijeti haikubaki tupu baada ya kuwashwa, maana yake programu iliamshwa na ikachora. Kufuli la kujiwasha liko wazi, na kulishughulikia ni kupoteza muda. Ilipofunguliwa ilijaa sahihi, hivyo hesabu zake na uhusiano wake na lancha ni vizima. Kilichokosekana ni kitu cha kuiamsha usiku tarehe inapogeuka.

Kitu hicho ni kengele ambayo programu hujiwekea ndani ya mfumo: "niamshe saa sita na dakika moja usiku". Kengele hizi zote hufutwa simu inapozimwa, na programu inatakiwa iziweke upya kila simu inapowaka. Lakini kengele ya wakati kamili inahitaji ruhusa yake yenyewe, na kuanzia Android 14 programu nyingi zinapowekwa upya huanza zikiwa hazina ruhusa hiyo. Mtu aliyenunua simu mpya na kupakua tena programu ileile aliyoizoea anaweza kukuta imeanza kukwama bila yeye kubadilisha chochote.

Ingia `Settings`, `Apps`, `Special app access`, kisha `Alarms & reminders`, na uiwashe kwa programu ya swala. Usiishie hapo: fungua programu yenyewe mara moja, ili ipate nafasi ya kujiwekea kengele. Ruhusa bila kengele haimwamshi mtu. Kama programu haimo kabisa kwenye orodha hiyo, haisubiri ruhusa hii kutoka kwako, na kinachoichelewesha huenda ni kufuli la betri tulilolitaja.

Baada ya hapo usijaribu kwa kubadilisha tarehe ya simu kwa mkono. Mabadiliko ya tarehe yenyewe huziamsha programu nyingi, kwa hiyo jaribio litafaulu hata kama kengele haipo, na programu nyingine zinazotegemea saa sahihi zinaweza kukukatalia. Jaribio la kweli ni hili: jioni zima simu, iwashe, ingiza PIN, usiifungue programu ya swala. Asubuhi ya pili soma tarehe kwenye wijeti.

Kuna kosa moja linalofanana sana na hili, nalo ni mahali. Programu ikipoteza ruhusa ya kujua ulipo, inaweza kurudi kwenye mji iliouweka kama wa kuanzia, na kwa programu za swala mji huo unaweza kuwa Makka. Makka iko katika saa zilezile za Afrika Mashariki, na imepishana na Dar es Salaam kwa chini ya digrii moja ya longitudo. Matokeo yake Adhuhuri za miji hii hupishana kwa dakika mbili hivi tu, na Machi au Septemba hata Magharibi hukaribiana. Mtu anaweza kuishi nayo wiki kadhaa. Ukija Juni, Magharibi ya Makka inachelewa kuliko ya hapa kwa takriban dakika hamsini, na Desemba inawahi kwa kiasi kama hicho. Kwa mfungaji, dakika hamsini si jambo dogo. Angalia jina la mji, na kama programu inaruhusu kuandika mji kwa mkono, andika Dar es Salaam na uachane na ruhusa ya mahali kabisa. Kama hairuhusu, chagua `Allow all the time`. `Allow only while using the app` haitoshi kwa wijeti inayochorwa programu ikiwa imefungwa.

Wijeti za hali ya hewa, habari na bei za fedha zina tatizo la ziada: zinahitaji intaneti kwa kila sasisho. Nyakati za swala hukokotolewa ndani ya simu, hizi huchukuliwa mtandaoni. Ndiyo maana kuwa na zote mbili kwenye skrini moja ni kipimo kizuri. Ya swala ikiwa ya leo na ya hali ya hewa ikiwa ya jana, kuamka kupo, intaneti haipo. Wengi wetu huwasha simu data ikiwa imezimwa ili bando lisiliwe, kisha tunaiwasha baadaye. Programu ilijaribu dakika ile ya kuwaka, ikakosa, ikachora ya zamani, na inangoja zamu yake. Angalia pia `Data Saver`: ikiwa imewashwa, programu zilizofungwa hazipati data mpaka uziruhusu moja moja kwenye `Unrestricted data`.

Kuhusu zamu: ratiba ya kawaida ya wijeti kwenye Android haiwezi kuwa chini ya dakika 30, na kazi za nyuma zinazojirudia haziwezi kuwa chini ya dakika 15. Mfumo unaweza kuzisogeza mbele zaidi simu ikiwa imelala mezani. Kwa hiyo joto la nusu saa iliyopita si hitilafu, na hakuna mpangilio utakaoligeuza kuwa la sekunde hii.

## Kwa fundi mwenye kompyuta

Simu ikiletwa na maelezo ya mteja hayaeleweki, washa `USB debugging`, unganisha, na uulize mfumo wenyewe. Weka jina la kifurushi cha programu mahali pa `com.mfano.swala`:

```
adb shell dumpsys appwidget
adb shell "dumpsys package com.mfano.swala | grep stopped="
adb shell am get-standby-bucket com.mfano.swala
```

Amri ya kwanza hutoa orodha ndefu. Tafuta ndani yake wijeti ya programu husika. Ukikuta `views=null`, mfumo haujakabidhiwa mchoro, yaani uko kwenye ugonjwa wa tupu. Ukikuta kitu kingine baada ya `views=`, mchoro upo na shida ni habari zilizomo, au lancha. Amri ya pili ikirudisha `stopped=true`, programu ilisimamishwa kwa nguvu; mtafute aliyeisimamisha. Ya tatu hurudisha namba: 10 ni programu inayotumika sasa, 40 ni ile ambayo mfumo unaiona haitumiki mara kwa mara, na 45 imebanwa kabisa. Ukiona 45, rudi kwenye kufuli la betri, weka `Unrestricted`, kisha endesha amri hiyo tena kabla ya kumrudishia mteja simu yake.